Ufunguo Ukitazama Kisugudi

Jamaa yangu mmoja hapa Kiboko anafanya kazi katika mashamba ya majaribio ya mahindi. Kila asubuhi hupanda pikipiki, akapita kando ya migunga ya mtoni, akashinda akitembea mstari baada ya mstari na ubao wa kuandikia mkononi. Ni mashoto. Kalamu kushoto, panga kushoto, kwa hiyo saa yake iko mkono wa kulia. Mwaka jana aliletewa saa ya zawadi, na aliyempa alijivuna kwamba ni saa ya mashoto hasa, kwa kuwa ule ufunguo wa pembeni umehamishiwa upande wa kushoto wa uso. Wiki tatu baadaye alininyooshea mgongo wa mkono wa kulia. Palikuwa na alama nyekundu iliyovimba, mviringo kama mbegu ya kunde, nyuma tu ya mahali kiganja kinapokunjika.

"Kaka," akaniuliza, "hii ndiyo saa ya mashoto, au ni ya adui yake?"

Swali lake ndilo lililonifanya niandike. Watu wengi huamini kwamba mashoto akivaa saa ya kawaida mkono wa kulia anakosea, na kwamba dawa yake ni kununua saa ya ufunguo wa kushoto. Nimevaa, nimetengeneza na nimepima saa za kutosha kuona kwamba mara nyingi mambo ni kinyume.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Ufunguo ninaouzungumzia ni kile kipini kidogo chenye mikato, tunachokizungusha kuijaza saa na kukivuta kuisogeza mishale. Katika saa nyingi kinakaa kwenye tarakimu 3. Nasema tarakimu 3 kwa makusudi, maana sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, na mshale mfupi ukifika pale Mswahili husema ni saa tisa. Nimewahi kumwambia muuza saa kwa simu kwamba nataka yenye ufunguo "saa tisa" akaniletea ya kawaida kabisa, na hakukosea. Kwa hiyo hapa chini, 3, 6, 9 na 12 ni tarakimu zilizochorwa usoni, si wakati.

Ufunguo kukaa kwenye 3 ni urithi wa saa za mfukoni. Saa ya mfukoni iliyoachwa uso wazi ilikuwa na ufunguo wake kwenye 12. Ile yenye kifuniko cha kulinda kioo, ambayo Waingereza waliipa jina la wawindaji, ilikuwa nao kwenye 3, na mashine yake ndiyo iliyofaa kufungwa mkononi bila kupinda uso. (Ukipita Kiboko utaona Hunter's Lodge, aliyoijenga mwindaji J. A. Hunter baada ya kustaafu. Haihusiani na saa, lakini kila nikipita hapo nakumbuka kile kifuniko.) Saa ilipohamia mkononi, mwenye kutumia kulia akaifunga kushoto, na ufunguo ukatokea kwenye upande unaofikiwa na vidole vyake.

Sasa simama, ukishusha mikono yako miwili, viganja vikitazama mapaja. Saa ya kawaida kwenye mkono wa kushoto ina 3 upande wa vidole, kwa hiyo ufunguo unatazama chini. Kwenye mkono wa kulia saa hiyo hiyo ina 9 upande wa vidole, na ufunguo unatazama juu, kuelekea kisugudi. Raha na usahihi, yote mawili yanaanzia kwenye tofauti hiyo.

Tuanze na raha. Kiganja hukunjika kuelekea nyuma mara nyingi kuliko tunavyodhani: unaposukuma toroli, unapoinuka kwa kuegemea meza, unapokanda unga, na zaidi ya yote unapoendesha pikipiki. Mafuta ya pikipiki yako mkono wa kulia kwa kila mtu. Hakuna pikipiki ya mashoto. Kila unapovuta mafuta kiganja kinarudi nyuma na mgongo wa mkono unakutana na chochote kilichojitokeza upande wa vidole. Saa ya kawaida ikiwa mkono wa kulia, upande huo ni upande wa 9, laini, hauna kitu. Saa "ya mashoto" ndiyo inayoleta ufunguo pale pale. Jamaa yangu alikuwa anadungwa mamia ya mara kati ya nyumbani na shamba, huku barabara yenye mashimo ikiongeza chumvi.

Kwa hiyo unapojaribu saa dukani usiridhike na kuitazama mkono ukiwa umenyooka. Ifunge mahali utakapoivaa, nyuma kidogo ya ule mfupa unaojitokeza upande wa kidole cha mwisho, kisha weka kiganja bapa juu ya kaunta na uegemee kwa uzito wako, kama mtu anayetaka kuruka ukuta. Hesabu pole pole hadi thelathini. Kitu kinachokusumbua kidogo ndani ya nusu dakika kitakuwa kidonda kabla ya mwisho wa mwezi. Halafu kamata ukingo wa kaunta kama usukani, ukaze, ulegeze. Mwenye duka akikushangaa mwache ashangae.

Ukanda hauna shida. Sehemu yenye matundu hushikiliwa upande wa 6, na 6 huwa upande wa dole gumba kwenye mikono yote miwili, kwa hiyo bizimu haijui umeifunga wapi. Kitu kimoja tu: mkono usiofanya kazi nzito huwa mwembamba kidogo, na wa mashoto ni wa kulia. Saa ikitoka kwa ndugu anayevaa kushoto, angalia kama kuna tundu la ziada. Na joto la hapa mchana huvimbisha mkono. Ukanda unaokutosha saa mbili asubuhi unaweza kukubana saa nane, ndiyo maana napenda wenye matundu yaliyokaribiana.

Lugha yetu imeuita mkono huu wa kulia kwa sababu ya kulia chakula, na hapo mashoto wa Kiafrika ana habari ambayo vitabu vya saa vya Ulaya haviitaji. Wengi wao, hata wanaoandika na kukata kuni kwa kushoto, walifundishwa wakiwa wadogo kula na kusalimia kwa kulia. Saa ya mashoto basi imekaa kwenye mkono unaonawishwa kabla ya ugali na baada ya ugali, unaoingia kwenye sinia la muthokoi, na unaotikiswa na kila mzee anayekutana naye njiani. Maji ndiyo ya kuogopa. Ufunguo umepita ndani ya tundu la ganda la saa, na kinachozuia maji ni pete ndogo ya mpira. Ukiwa upande wa kisugudi, maji ya kunawa yanayotiririka kwenye mkono uliofungua kiganja juu yanaufikia kirahisi.

Ipime hivi. Shika ufunguo kwa kucha mbili bila kuuvuta, usukume taratibu kushoto na kulia. Mzuri hauchezi. Ukicheza kama jino la mtoto wa miaka sita, pete imeisha au kijiti cha ndani kimepinda, na ukungu chini ya kioo uko njiani. Kinachopinda kijiti hicho kwa mashoto ni tabia moja: kujaza saa au kusogeza mishale ikiwa bado mkononi. Vidole vya kushoto vinavuka juu ya uso, vinaufikia ufunguo ulio upande wa mbali, na haviwezi kuuvuta moja kwa moja. Vinauvuta kimshazari. Ivue. Igeuze uso uelekee chini, 12 ikiwa mbali nawe, na ufunguo utatokea upande wa kushoto, tayari kwa vidole vyako. Mtu mwenye saa ya otomatiki inayovaliwa kila siku hufanya hivyo mara moja au mbili kwa mwezi. Hapo ndipo ninapouliza: kwa nini ununue ufunguo utakaokudunga kila siku, ili kurahisisha kazi ya dakika moja kwa mwezi?

Ufunguo wa kushoto una historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo haikuwa ya mashoto. Heuer Monaco ya mwaka 1969 ilikuwa na ufunguo kwenye 9 kwa sababu mashine yake ya otomatiki ilipangwa hivyo. Rolex walitoa GMT-Master II yenye ufunguo upande wa kushoto mwaka 2022, na wengi walioikimbilia wanaandika kwa kulia. Seiko, kwa upande wao, wameweka ufunguo karibu na 4 kwenye saa nyingi za mfululizo wa 5 na za kuzamia. Hiyo kwa maoni yangu ndiyo rafiki wa kweli wa mikono yote miwili: kushoto haudungi sana, na kulia umejificha kabisa.

Sasa usahihi. Hapa tuwaondoe wenye saa za betri mapema. Ndani ya saa ya betri kuna fuwele ndogo ya kwatsi inayotetema mara 32,768 kwa sekunde, na haijali iko mkono gani wala imelala vipi. Casio F-91W, ile ya plastiki inayoonekana kila kituo cha matatu, imetajwa na walioitengeneza kwamba haitapotea zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi, haina ufunguo wa kudunga, na mashoto anayeivaa hana haja ya kuendelea kusoma.

Saa ya kamani ni habari nyingine, kwa sababu kinachopima muda ndani yake ni gurudumu linalokwenda na kurudi, na gurudumu lina uzito. Wanaofanya kazi ya magurudumu kwenye barabara hii ya Mombasa wanaijua siri yake. Inua gurudumu la pikipiki, lizungushe, liache lisimame lenyewe: upande mzito utaishia chini. Gurudumu la saa nalo lina upande wake mzito, hata kama ni kwa kipimo ambacho jicho halioni. Saa ikilala uso juu, uzito huo hauna madhara. Saa ikisimama wima, uzito huvutwa na ardhi, na gurudumu likienda huku na huku linaharakishwa au kucheleweshwa kutegemea uzito uko juu au chini. Ndiyo maana saa moja inaweza kukimbia ufunguo ukitazama chini na kuchelewa ukitazama juu.

Basi mashoto anayevaa kulia amebadilisha nini? Jambo moja tu. Mkono ukining'inia, yeye ana ufunguo juu badala ya chini. Mkono ukiwa mezani, uso uko juu kwa wote wawili. Na mkono ukiwa mbele ya kifua, dole gumba juu, kama unavyoshika ubao au daftari, saa ya kawaida huwa na 6 juu kwenye mkono wa kulia sawasawa na wa kushoto. Jaribu mbele ya kioo kama huniamini.

Huko Uswisi shirika la COSC linalopima mashine za saa huzijaribu kwa siku 15 katika mikao mitano na joto la aina tatu, nalo hutaka wastani wa kwa siku usichelewe zaidi ya sekunde 4 wala kukimbia zaidi ya 6. Mikao hiyo ni uso juu, uso chini, ufunguo juu, ufunguo chini, na ufunguo kushoto, yaani 6 ikiwa juu. Mikao yote ya mashoto wa saa ya kawaida imo. Ulioachwa ni ufunguo kulia. Na sasa cheka nami: saa ya ufunguo wa kushoto mara nyingi ni mashine ile ile iliyogeuzwa nusu duara ndani ya ganda. Ivae mkono wa kulia, shika ubao mbele ya kifua, na mashine itakuwa ufunguo kulia, mkao pekee wa wima ambao kipimo hicho hakiugusi. Haimaanishi itakosea. Inamaanisha anayekuuzia kwa hoja ya usahihi hajafikiria.

Tuliamua kumaliza ubishi kwa kuipima saa ya zamani ya jamaa yangu, ya otomatiki ya kawaida, si ya bei. Hatukuwa na mashine ya kusikiliza mapigo. Tulichofanya kila mtu anaweza. Anaivaa mchana kutwa ili ijae, jioni anaipiga picha karibu na simu inayoonyesha sekunde, anaiweka katika mkao mmoja kwa saa 12 bila kuigusa, kisha anaipiga picha tena. Tofauti unaizidisha kwa mbili. Kwa ufunguo juu aliisimamisha ndani ya glasi iliyowekwa kitambaa. Kila mkao tuliurudia usiku mbili, kwa kuwa kosa la sekunde moja la macho huwa mbili ukishazidisha.

Uso juu ilikimbia sekunde 8 kwa siku. Ufunguo chini ilikimbia 11. Sita juu, 3. Ufunguo juu ilichelewa 7. Kati ya ufunguo chini na ufunguo juu kuna sekunde 18, na mtu mwenye haraka angesema basi kuvaa kulia kunamharibia sekunde 18. Lakini mkono hauning'inii kutwa. Tulihesabu siku yake: saa 5 akitembea mikono chini, saa 4 ameshika ubao, na saa 15 zilizobaki, pikipiki, meza na usiku, uso ukiwa juu au karibu na hapo. Ukichanganya kwa uwiano huo, saa mkononi mwake inakimbia sekunde 4 kwa siku. Angeivaa kushoto kwa mwenendo ule ule ingekimbia karibu 8. Tofauti ya mikono miwili ni sekunde nne, na katika saa hii kulia ndiko kulikoshinda. Katika saa nyingine ingeweza kuwa kinyume, maana upande mzito wa gurudumu hauchagui. Kwa kulinganisha, Seiko hutaja kwamba mashine yao ya 4R36 inaweza kukimbia sekunde 45 au kuchelewa 35 kwa siku na bado iwe nzima. Sekunde nne zinapotea humo.

Mpaka uko wapi, basi? Mimi naanza kushuku ufunguo juu na ufunguo chini vikitofautiana zaidi ya nusu dakika kwa siku katika saa ya kawaida. Hapo usiulaumu mkono. Mpelekee fundi, umwambie namba zako za mikao, naye mzuri ataanza kwa kuisafisha kabla hajagusa kijiti cha kurekebisha mwendo. Sababu ni hii. Gurudumu likicheza kwa upana, zaidi ya nyuzi 220 hivi, uzito ulio chini hulichelewesha. Likicheza kwa ufinyu, uzito ule ule hulikimbiza. Mafuta yakikauka na vumbi likiingia, mchezo unakuwa finyu, na saa iliyokuwa ikichelewa ufunguo juu inaanza kukimbia. Fundi anayerekebisha mwendo bila kusafisha amerekebisha uchafu. Nimeshawahi kulipia kazi ya namna hiyo mara mbili kwa saa moja, na sitasema ni wapi.

Ukishazijua namba zako una zana ya bure, nayo ni usiku. Jamaa yangu akiilaza saa uso juu, siku yake inaisha na sekunde 4 za ziada. Akiisimamisha ndani ya glasi, ufunguo juu, kwa zile saa 8 za usingizi, siku inaisha imechelewa sekunde moja. Usiku nne kwenye glasi na mmoja imelala, hesabu inarudi karibu na sifuri. Mke wake alilalamika kwa wiki moja kuhusu glasi, akanunua nyingine.

Ile saa ya zawadi aliibadilisha na mlinzi wa zamu ya usiku, kwa mbuzi mdogo na ahadi. Mlinzi anatumia kulia, anaivaa kushoto, na ufunguo wake sasa unatazama kisugudi. Anasema hajawahi kuvaa saa inayokaa vizuri hivyo. Ahadi bado haijalipwa.